Slaidi 24, dakika 15, na bodi "imepokea taarifa"

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni afisa ugani, nimeajiriwa na chama chetu cha ushirika wa mazao huku mkoani Dodoma. Mwezi wa pili nilipeleka mbele ya bodi ombi la kununua mifuko isiyopitisha hewa pamoja na kipima unyevu kwa ajili ya mahindi ya wanachama. Nilipewa dakika 15, na slaidi zangu ni 24. Nilipofika ya 14 mwenyekiti akaangalia saa, nikaanza kukimbia. Nilipomaliza walipiga makofi, mwenyekiti akasema, "Tumepokea taarifa, tunamshukuru mtaalamu wetu," wakaenda ajenda nyingine. Hakuna aliyekubali wala aliyekataa.

Nje, mzee mmoja mjumbe akaniambia, "Binti, umetusomea kitabu, halafu mwisho hukusema unataka nini." Niliumia, maana bajeti yote ipo slaidi ya 22. Meneja ndiye aliyeniambia niweke kila kitu ili wajumbe wasije kusema tumeficha. Na mimi mwenyewe bila maandishi ukutani hofu inanishika, nasahau.

Nimepewa nafasi nyingine katikati ya mwezi wa 5. Nakutumia slaidi zote. Niambie ukweli hata kama unauma.

Binti wa Stoo, Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Slaidi zako nimezipitia mara mbili. Mara ya kwanza nilijifanya mjumbe, saa mkononi, na nilichoka kwenye ya 7, pale dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, anapoingia Tabora na wakulima wanampa jina la Scania. Hadithi tamu, lakini nilikuwa bado sijaambiwa nimeitiwa nini. Mara ya pili nilizisoma polepole na kikombe cha chai, kama mtu anayesoma waraka, na hapo nikakuta kazi nzuri kabisa. Ulichofanya ni kuandika kabrasha, ukalirusha ukutani.

Tuanze hapo, kwa sababu meneja wako hajakosea sana. Bodi ina haki ya kupata kila kitu. Inakipata kwenye kabrasha, lile linalopelekwa kwa wajumbe siku kadhaa kabla ya kikao, ambalo mzee anavaa miwani yake akalisoma barazani kwa nafasi yake na kupigia mstari anapotaka kuuliza. Slaidi hazina nafasi hiyo. Zinapita. Ukitandaza aya nzima ukutani, mjumbe anaanza kuisoma, na anayesoma hakusikii. Tena yeye husoma kimya haraka kuliko wewe unavyosoma kwa sauti, kwa hiyo akimaliza anakusubiri, na akiisha kukusubiri mara tatu nne anaanza kuchezea simu. Basi mwambie meneja kwamba hutaondoa hata mstari mmoja. Maandishi yote ya slaidi 24 yahamishie kwenye faili la kawaida, yapange kurasa 4 au 5, yaingie kwenye kabrasha. Akishaona hakuna kilichofichwa, atakuachia ukuta.

Sasa twende kwenye slaidi ya 9, maana ndiyo iliyobeba shauri lako lote na ndiyo iliyozikwa kuliko zote. Kichwa chake ni "3.2 HALI HALISI YA UHIFADHI". Chini yake umeandika hivi, nanukuu:

"Aidha, katika kipindi cha msimu uliopita, chama kilihifadhi jumla ya magunia 600 ya mahindi ya wanachama mnamo mwezi Julai ambapo baada ya zoezi la uchekechaji lililofanyika mwezi Januari kabla ya mauzo ilibainika kuwa magunia yaliyobaki katika hali nzuri yalikuwa 528, hali iliyochangiwa na mashambulizi ya wadudu waharibifu hususan dumuzi, unyevu pamoja na changamoto za miundombinu ya ghala."

Hebu niambie, wapi hapo pameandikwa 72? Hapapo. Nimeitafuta namba hiyo kwenye slaidi zote 24, sikuiona. Umempa mjumbe 600, ukampa 528, ukamwachia atoe mwenyewe huku unaendelea kusoma. Halafu bei ya gunia mwezi wa kwanza, Sh 80,000, umeiweka slaidi ya 17, kwenye jedwali la safu 9, safu ya sita. Ili mjumbe ajue kwamba chama kimepoteza Sh 5,760,000, ilimpasa ashike namba moja kichwani kwa slaidi nane, aipate ya pili kwenye jedwali lisilosomeka, kisha azidishe. Hakuna aliyefanya hivyo. Walikwenda nyumbani wakijua tu kwamba uhifadhi una changamoto, jambo walilolijua tangu ujana wao.

Ondoa aya yote. Kichwa kiwe sentensi inayosema jambo: "Gunia 72 zimetuharibikia stoo ndani ya miezi 6". Chini yake weka picha moja. Unayo tayari, ipo slaidi ya 11, kwenye kona, umeibana ikawa ndogo kama stempu: kiganja kimeshika punje zilizotobolewa, na ule unga mweupe unachuruzika kati ya vidole. Itanue ijaze ukuta. Chini kabisa, mstari mmoja: "Sh 5,760,000 kwa bei ya Januari". Halafu nyamaza kidogo. Mwenye shamba akiuona unga ule, humwelezi kitu.

Mengine yaliyokuwa kwenye aya, yaani uchekechaji ulifanyika lini, nani alihesabu, ghala lina matundu mangapi, utayasema kwa mdomo kwa sentensi mbili, na kwa ukamilifu yamo kwenye kabrasha. Slaidi ya 10 hadi ya 16 zifanyie hivyo hivyo. Sitazipitia moja moja, ugonjwa ni huo huo.

Kuhusu ukubwa wa herufi, nimeona umezipunguza hadi 14 ili aya ienee. Kuna kipimo kisichohitaji projekta. Unasema mjumbe wa nyuma anakaa kama mita 8 kutoka ukutani, na picha ya projekta yenu ina upana wa mita 2. Maana yake yuko mbali mara nne ya upana wa picha. Kompyuta yako ya inchi 14 ina kioo chenye upana wa sentimita 31 hivi, na mara nne yake ni kama mita 1 na robo. Fungua slaidi ijaze kioo, rudi nyuma hatua moja na nusu, usome. Unachoshindwa kusoma hapo, yule mzee hatakisoma kule. Na wewe una macho ya ujana, na chumba chako hakina yale madirisha ya ukumbi wa ushirika yasiyo na pazia, kwa hiyo usijipe moyo ukisoma kwa kukodoa.

Nije kwenye mtiririko. Chukua karatasi uandike vichwa vya slaidi zako tu, uvisome kwa sauti kuanzia juu. Mimi nimefanya: Utangulizi, Usuli, Dira na Dhima, Madhumuni, Hali Halisi, Changamoto, Mikakati, Mengineyo, Bajeti, Hitimisho. Mtu akinipa orodha hiyo nitadhani ni taarifa ya zahanati, au ya timu ya mpira. Hakuna mahindi humo. Vichwa vikiwa majina ya vyumba, msikilizaji hajui kwa nini anatolewa chumba kimoja na kupelekwa kingine.

Lakini kuna kosa kubwa zaidi la mpangilio, na hili si la urembo. Kipima unyevu umekiweka slaidi ya 19, chini ya "Mengineyo", pamoja na mizani na mafagio. Mifuko iko ya 15. Wewe ni mtaalamu, unajua jinsi mfuko ule unavyofanya kazi: plastiki mbili za ndani, kiroba kimoja cha nje, kila kimoja kinafungwa mdomo wake peke yake, na wadudu waliomo wanatumia hewa iliyobaki mpaka inawaishia, wanaacha kula na kuzaana, kisha wanakufa. Hapo hakuna dawa inayotumika. Hewa ikizuiwa kuingia, unyevu nao unazuiwa kutoka. Mahindi yaliyokauka yatakaa salama, na yenye unyevu yatavunda humo humo ndani. Kiwango kinachotakiwa Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa maana hiyo kipima unyevu ndicho kinachoamua kama mifuko itaokoa mahindi au itayaharibu. Bodi ikiidhinisha mifuko ikakata "mengineyo" ili kubana matumizi, na bodi hupenda sana kukata mengineyo, msimu ujao utafungua mifuko iliyovunda na lawama itakuwa yako.

Kwa hiyo mpangilio ufuate njia ya punje yenyewe, kutoka shamba hadi mauzo. Mimi ningeweka slaidi sita, vichwa vyake hivi:

Gunia 72 zimetuharibikia stoo ndani ya miezi 6.
Dumuzi waliingia ndani ya mahindi, kutoka mashambani.
Mfuko usiopitisha hewa huwaua bila dawa.
Mahindi yenye unyevu yatavunda humo, hivyo tunapima kwanza.
Fedha hii inarudi ndani ya misimu 2.
Tunaiomba bodi iazimie leo.

Visome kwa sauti. Kila kimoja kinajibu swali ambalo kilichotangulia kimelizua kichwani mwa mjumbe. Zimeharibikaje? Zilivamiwa. Tutawazuiaje wadudu? Kwa mfuko. Mfuko una hatari gani? Unyevu. Itagharimu nini? Ukiweza kuzibadilisha nafasi slaidi mbili bila mtu kugundua, ujue mtiririko bado hujaupata. Kwenye zile 24 zako ningeweza kuhamisha kumi na hakuna ambaye angeshtuka. Ili uione safari nzima kwa mara moja, ingia View kwenye PowerPoint, kisha Slide Sorter, uzitazame zikiwa zimepangwa kama karata.

Dumuzi wa Tabora aondoke. Ndiyo, ni historia ya kweli na wazee wanaikumbuka, na kwa sababu hiyo hiyo aondoke: ukimtaja tu, mzee mmoja atasimama kusimulia jinsi ghala la baba yake lilivyoliwa, na dakika zako nne zimekwenda. Dira na dhima pia ziondoke; wajumbe wenyewe ndio walioziandika.

Slaidi ya 13 nayo ina neno linalonitia wasiwasi. Umeandika, "Mifuko hii huondoa sumukuvu." Haiondoi. Sumukuvu inaweza kuingia mahindi yakiwa bado shambani, au yakiwa yametandazwa chini yanakauka, na ikishaingia mfuko hauitoi. Mfuko wenye mahindi makavu husaidia kuvu isiendelee kuota, basi. Dodoma na Manyara tulizika watu mwaka 2016 kwa ajili ya sumukuvu, kwa hiyo jambo hili kwenye bodi yenu si la kutaja kijuujuu wala la kuahidi usichoweza kutimiza. Lipeleke kwenye kabrasha, uliandike kwa usahihi, na ukiulizwa ujibu kwa usahihi.

Sasa hesabu, kwa sababu mwisho wako ulikuwa dhaifu kuanzia hapa, kabla hata hujafika slaidi ya mwisho. Kwenye ya 21 umesema mradi "utaleta faida kubwa kwa chama na wanachama". Kubwa kiasi gani? Nimechukua namba zako mwenyewe. Mifuko 600 kwa Sh 5,000 ni Sh 3,000,000. Kipima unyevu Sh 400,000. Jumla Sh 3,400,000. Ukisema tutaokoa gunia zote 72, yaani Sh 5,760,000, inaonekana fedha imerudi msimu wa kwanza na chenji juu. Lakini yupo mjumbe, kila bodi inaye mmoja, atakayeuliza, "Una hakika zote 72 zitapona?" Huna. Kuna mifuko itakayotobolewa na panya, kuna kibarua atakayeburuta mfuko sakafuni, kuna mahindi yatakayokuwa yameharibika kabla hayajafika stoo.

Hebu tuseme utaokoa nusu tu. Gunia 36 mara 80,000 ni Sh 2,880,000. Hiyo haifikii 3,400,000. Kwa msimu mmoja, kwa kukadiria kwa hofu, chama kinabaki na pengo la Sh 520,000. Usilifiche. Mfuko ukitunzwa usitoboke, unarudiwa msimu wa pili, na kipima unyevu ndio kwanza kipya. Misimu miwili ukiokoa nusu ni Sh 5,760,000 dhidi ya matumizi ya 3,400,000. Ndiyo maana kichwa cha slaidi ya tano nimekiandika "ndani ya misimu 2", sikuandika "faida kubwa". Weka namba tatu tu kwenye slaidi hiyo: tunachotoa, tunachookoa msimu mmoja tukipata nusu, tunachookoa misimu miwili. Fedha ya dawa ya unga mtakayoacha kununua usiiandike kabisa. Iweke akiba mdomoni, umjibu nayo yule mjumbe atakapokubana.

Na sasa slaidi ya mwisho. Yako inasema "ASANTENI KWA KUNISIKILIZA", kwa herufi kubwa za zambarau, na ua. Nimewahi kumaliza hivyo hivyo, miaka mingi iliyopita, mbele ya bodi moja ambayo siitaji. Nilionyesha ua langu, mwenyekiti akalitazama, akawageukia wenzake akauliza, "Kwa hiyo tunafanyaje?" Wakacheka, nami nikacheka, na jambo likaahirishwa miezi mitatu.

Angalia jinsi kikao kinavyokwenda. Mtaalamu akimaliza, mwenyekiti anafungua maswali. Maswali yanachukua dakika 5 au 10, na muda wote huo slaidi yako ya mwisho iko ukutani. Ni slaidi inayotazamwa kuliko zote, na wewe umewapa ua walitazame. Kisha mwenyekiti anatakiwa kusema bodi imeamua nini, na katibu anatakiwa kuandika kwenye muhtasari. Kama hakuna maneno tayari, mwenyekiti atatumia yaliyo karibu na ulimi wake, na maneno yaliyo karibu na ulimi wa kila mwenyekiti ni "tumepokea taarifa". Hakukukataa. Hukumpa cha kusema.

Waandikie azimio, kwa lugha ya muhtasari, ili katibu anakili tu:

"Bodi inaidhinisha matumizi ya Sh 3,400,000 kwa ununuzi wa mifuko 600 isiyopitisha hewa na kipima unyevu 1. Ununuzi ukamilike kabla ya tarehe 15 Juni. Msimamizi: Meneja. Taarifa ya utekelezaji iletwe kikao cha mwezi Agosti."

Kuna kiasi, kuna vitu, kuna tarehe, kuna mtu. Tarehe nimeiweka kwa sababu mavuno ya huko kwenu mengi huanza kuingia stoo kuanzia mwezi wa 6, na mifuko ikifika Agosti mtakuwa mmeshajaza viroba vya kawaida. Sababu hiyo iseme kwa mdomo: "Wazee wangu, tukichelewa kupita tarehe hiyo, tumekosa msimu." Shukrani zitoe kwa mdomo pia, kwa adabu zote, slaidi ya azimio ikiwa bado inaonekana. Siku mbili kabla ya kikao mpelekee mwenyekiti na meneja maneno hayo wayasome. Meneja asije akaona jina lake ukutani kama wengine.

Usiweke machaguo mawili kwenye slaidi hiyo. Najua utashawishika kuandika "au, kwa kuanzia, mifuko 200". Ukiandika, watachukua 200 kabla hujamaliza kusoma. Hesabu ya 200 iandae, na kipima humo humo, jumla Sh 1,400,000, lakini uifiche. Ukibofya slaidi kwa kitufe cha kulia cha kipanya utaona Hide Slide. Slaidi iliyofichwa hairukii ukutani yenyewe. Ziweke nyuma ya ile ya sita, pamoja na jedwali la bei na mchoro wa mfuko. Mjumbe akiuliza bei za miezi mingine, andika namba ya slaidi kwenye kibodi, kwa mfano 9, bonyeza Enter, itatokea. Ukishajibu, andika 6, Enter, urudi kwenye azimio. Namba hizo ziwe zimeandikwa kwenye karatasi mkononi mwako. Zile kazi zako za usiku hazijapotea, zimekaa nyuma ya pazia.

Kuhusu hofu. Kusahau hakuponywi kwa kuandika ukutani, kwa sababu ukishaandika ukutani unawapa watu mgongo na kusoma, na anayesoma huku amewapa watu mgongo ndiye anayeonekana ana hofu. Chini ya kila slaidi kuna sehemu imeandikwa Notes. Humo andika sentensi ya kwanza utakayosema, neno kwa neno, na baada yake maneno matatu manne ya kukumbusha. Sentensi ya kwanza ndiyo inayopotea; ikishatoka, nyingine zinaifuata. Halafu chapisha kurasa hizo za Notes uzishike. Usitegemee kuziona kwenye kompyuta, kwa sababu mara nyingi fundi wa ukumbi huunganisha projekta ikaonyesha kila unachokiona, na umeme nao ukikatika utakuwa bado una karatasi na sauti. Rudia mara tatu ukiwa umesimama, saa ikiwa mezani, ukilenga kumaliza kwa dakika 10. Zile 5 ni za kwao.

Jambo la mwisho ni la slaidi ya nne kati ya zile sita, ile ya unyevu. Kwenye zile 24 umetumia slaidi tano kueleza unyevu ni nini. Badala yake nenda na chupa mbili za glasi, kavu, zenye vifuniko. Kila moja itie mahindi mpaka kama robo ya chupa, moja kutoka kwenye gunia lililokauka, nyingine kutoka kwenye mahindi uliyoyaloanisha kidogo siku mbili kabla. Ongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, tikisa kwa dakika moja, uziache. Fanya hivyo unapoanza kuongea, zikae mezani. Ukifika slaidi ya nne, bonyeza B ukuta uwe mweusi, wainue macho, halafu mpe mzee wa mwisho chupa zote mbili aziinamishe. Kwenye mahindi makavu chumvi itateremka yote. Kwenye yenye unyevu itaganda kwenye kuta za chupa.

Kisha waambie ukweli wake: chumvi huanza kuganda unyevu ukizidi asilimia 15 hivi. Mahindi ya asilimia 14 na nusu yatapita kwenye chupa yakionekana makavu, na ndani ya mfuko yanaweza kuharibika. Hapo ndipo wataelewa kwa nini unaomba kipima cha Sh 400,000 wakati chumvi inauzwa dukani.

Ila chupa zikaushe juani siku nzima. Ikibaki na tone la maji ya kuoshea, chumvi itaganda hata kwenye mahindi makavu, na yule mzee aliyekufuata nje ataliona tone hilo kabla yako.